Hataki filamu za kuimba: umwekee ipi kwanza?

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi friji. Jumamosi moja walikuja kula kwetu, na baada ya kula nikawawekea La La Land ya mwaka 2016, filamu ninayoipenda sana. Inaanza kwenye barabara kuu ya Los Angeles. Foleni imesimama, jua linawaka, kila gari lina redio yake. Msichana mmoja anaanza kuimba akiwa ndani ya gari, anashuka, wa nyuma yake naye anashuka, na muda si mrefu watu wazima wamepanda juu ya magari wanacheza. Wimbo ukiisha wanarudi garini, milango inafungwa kwa pamoja, na honi zinaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shemeji alikuwa ameshasimama. "Sasa foleni imeisha au haijaisha?" akauliza, akatoka barazani kupiga simu. Hakurudi mpaka chai ilipoletwa, na hapo akasema neno ambalo huenda na wewe umeshaambiwa na mtu wa nyumbani kwako: "Mimi shemeji, filamu za kuimba siziwezi."

Siku ile nilimlaumu yeye. Baadaye nilipolifikiria swali lake niliona kwamba alikuwa amenieleza kabisa shida yake iko wapi, mimi ndiye sikusikia. Hakusema nyimbo ni mbaya. Aliuliza habari ya foleni. Alikuwa ameshaingia kwenye mambo ya barabarani, joto na magari, halafu ghafla akaambiwa ayaweke kando yote kwa dakika kadhaa kisha ayarudie. Mtu wa namna hiyo ukimwekea tena filamu nyingine inayofanya vilevile, hata iwe nzuri kuliko ile, atatoka tena barazani.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mwulize mgeni wako swali moja tu: mara ya mwisho alipojaribu, aliacha kutazama wapi? Majibu niliyoyapata kwa watu mbalimbali yanaangukia sehemu tatu. Wapo wanaosema, "mtu anaongea vizuri, mara anaimba, kwa nini?" Wapo wanaosema nyimbo zinasimamisha hadithi. Na wapo wanaosema filamu hizi ni tamu mno, kila mtu anatabasamu, mambo ya watoto. Haya ni malalamiko matatu tofauti, na filamu inayoponya moja inaweza kuchochea jingine.

"Mbona ghafla anaimba?"

Kwa huyu wa kwanza kuna filamu mbili ninazoziweka mkono huu na mkono huu: Once, iliyotengenezwa Dublin na kutoka kwenye kumbi nyingi mwaka 2007, na Cabaret ya mwaka 1972. Zote mbili zimeondoa ule mruko wa ghafla, lakini kwa njia zisizofanana, na hazimfai mtu yuleyule.

Katika Once, wanaoimba ni wanamuziki. Basi. Mwanamume anapiga gitaa mtaani kuomba chenji, na pia anatengeneza mashine za kunyonya vumbi kwenye duka la baba yake. Mwanamke ni mhamiaji kutoka Jamhuri ya Cheki, anauza maua barabarani, na anajua kupiga piano ingawa hana piano. Hata majina hawana katika filamu nzima. Wimbo wa kwanza unapigwa mtaani huku teja mmoja anazungukazunguka kapu la gitaa, na unakatishwa pale teja anapobeba kapu na pesa zake na kutimua mbio. Mpigaji anamkimbiza. Angalia ufundi wa hapo: wimbo wa kwanza ambao mtazamaji mwenye shaka anausikia umekatizwa na wizi. Hajalazimishwa kukubali chochote.

Onyesho linaloamua kila kitu liko kwenye duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka humruhusu yule mwanamke kupiga piano saa ya mapumziko ya mchana. Wanakaa, mwanamume anamtajia nota za wimbo aliotunga, zinakwenda hivi, halafu hivi, na wanaanza taratibu. Mwanzoni mwanamke anafuata tu kwa vidole. Kisha sauti yake inaingia chini ya ile ya mwanamume, kwa woga, kama mtu anayejaribu maji kwa ncha ya mguu. Wimbo unapigwa wote, na katika muda huo tumeona watu wawili wakianza kuaminiana bila mmoja wao kutamka neno la mapenzi. Wimbo huo, Falling Slowly, ulipata Oscar ya wimbo bora mwaka 2008. Filamu yenyewe ilipigwa kwa siku 17 kwa pesa kidogo sana, na baadhi ya maonyesho ya mtaani kamera ilikaa mbali hata wapita njia hawakujua kwamba wanaigiza. Ina dakika 86. Kwa mtu anayehesabu muda, hilo nalo si dogo.

Cabaret inaziweka nyimbo jukwaani. Tuko Berlin mwaka 1931, na nyimbo zinaimbwa ndani ya klabu ya usiku ambako watu wameajiriwa kuimba. Mhusika mkuu, anayechezwa na Liza Minnelli, akiwa chumbani kwake anaongea kama mtu yeyote. Akipanda jukwaani anaimba kwa sababu ndiyo kazi yake. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hadithi hii ilikuwa ya jukwaani tangu mwaka 1966, na kule wahusika waliimba hata majumbani mwao. Mwongozaji Bob Fosse alipoihamishia kwenye filamu aliziondoa nyimbo hizo za nje ya klabu. Yaani lalamiko la mgeni wako lilikuwa pia lalamiko la mwongozaji mwenyewe, na filamu hiyo ikazoa Oscar 8, mojawapo ikiwa ya mwongozaji bora.

Aliacha wimbo mmoja tu uimbwe nje. Ni mchana kwenye bustani ya bia, familia zimekaa mezani. Kijana mwenye sura nzuri ya kitoto anaimba wimbo mtulivu kuhusu kesho, kamera imemkaa usoni. Kisha kamera inashuka taratibu na tunaona mavazi ya Kinazi na kitambaa cha mkononi. Mmoja mmoja watu wanasimama na kuitikia, nyuso zinakaza, sauti zinapanda, mpaka bustani karibu yote inaimba. Mzee mmoja mwenye kofia amebaki ameketi, haelewi imekuwaje. Watu wale wameanza kuimba ghafla kabisa, kama kwenye foleni ile ya Los Angeles, lakini hapa hakuna atakayeuliza kwa nini, maana hivyo ndivyo umati unavyofanya kweli. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba uimbaji wa ghafla unaweza kumtia mtu baridi mwilini, onyesho hili linatosha.

Sasa ipi kati ya hizo mbili? Anayependa vitu vya kawaida, maisha ya watu wa mtaani, mwekee Once. Anayependa siasa, historia, na filamu za kumwacha akifikiri, mwekee Cabaret. Lakini tahadhari ya sebuleni: Cabaret ina mambo ya kimapenzi ya kila aina na mimba inayotolewa, usiiweke mbele ya wakwe wala watoto. Once haina chumbani, ila ina matusi mengi ya Kiingereza cha Dublin. Na lafudhi ya kule ni nzito hata kwa anayejua Kiingereza, kwa hiyo washa maandishi ya chini tangu mwanzo.

Kuna njia ya tatu ya kuondoa mruko, ambayo ni kuondoa mazungumzo yenyewe. Filamu ya Kifaransa The Umbrellas of Cherbourg ya mwaka 1964 inaimbwa yote, hata mtu akiomba mafuta ya gari. Hakuna kuongea kisha kuimba, kwa hiyo hakuna cha kuruka. Mwanzoni kabisa, makanika mmoja gereji anawaambia wenzake kwamba yeye opera haimpendezi, watu kuimbaimba vile, afadhali sinema. Anayasema hayo akiimba. Mimi naipenda filamu hii kupita kiasi, na hadithi yake ya kijana anayepelekwa vitani Algeria na msichana anayebaki na mimba ni nyepesi kuifuata. Hata hivyo usianze nayo. Niliwahi kuiweka ya kwanza kwa mtu, na dakika za mwanzo alikuwa akingoja waache kuimba ili filamu ianze. Hii ni ya tatu au ya nne, mgeni akishapata uvumilivu.

"Nyimbo zinasimamisha hadithi"

Lalamiko hili nalielewa kutoka utotoni. Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, filamu ya Kihindi ikifika kwenye wimbo, mwenye rimoti alikuwa anapeleka mbele, tena kwa makofi ya wateja. Sisi tuliokua hivyo tulifundishwa kwamba wimbo ni wakati wa kwenda chooni. Lakini mama zetu, na wazee wa Unguja wanaoikumbuka sinema ya Majestic, walikwenda kwa ajili ya nyimbo zilezile, wakarudi nazo nyumbani, na baadhi ya tuni zake zikaingia kwenye taarabu. Ndiyo maana mtu wa pwani akiniambia hapendi filamu za kuimba, huwa namwuliza kwanza kama na za Kihindi hapendi. Mara nyingi hunyamaza kidogo. Alikuwa hazihesabu.

Kwa lalamiko hili nalinganisha Chicago ya mwaka 2002 na Lagaan ya mwaka 2001.

Chicago ni hadithi ya mwanamke aliyempiga risasi mpenzi wake, akaingia gerezani, akapata wakili mjanja. Kinachoendelea ni cha kawaida kabisa. Nyimbo ziko kichwani mwa mwanamke huyo anayeota kuwa nyota wa jukwaa. Kila akibanwa na jambo zito, akili yake inaligeuza kuwa onyesho. Usiku wake wa mwanzo gerezani anasikia bomba likidondosha maji. Kisha hatua za askari. Kisha kucha za mfungwa zikigonga chuma. Sauti hizo zinajipanga zenyewe, zinakuwa mdundo, na ndani ya mdundo huo wafungwa wanaeleza mmoja mmoja walivyowaua wanaume wao. Mtazamaji anaingizwa kwenye wimbo kabla hajajua kwamba wimbo umeanza.

Lakini sababu ya kuichagua kwa lalamiko hili hasa ni wimbo wa mkutano na waandishi wa habari. Wakili anakaa na mteja wake mapajani, mteja amegeuzwa mwanasesere, mdomo unafunguka na kufunga lakini sauti inayotoka ni ya wakili. Kisha waandishi nao wananing'inia kwenye kamba kama vikaragosi na wakili ndiye anayezivuta. Ni dakika chache tu. Wimbo ukiisha, uongo wa wakili umeshakuwa habari ya magazeti yote ya mji. Ukipeleka mbele wimbo huo umeiruka sehemu muhimu ya kesi. Filamu nzima ina dakika 113, na ilichukua Oscar 6, pamoja na ile ya filamu bora.

Lagaan inaonekana kama uchaguzi wa kichaa kwa mtu anayelalamikia urefu, maana ina saa 3 na dakika 44. Mwaka ni 1893, kijiji cha India hakijaona mvua, na ofisa wa Kiingereza anataka kodi ya mazao. Anawapa wanakijiji dau: wacheze kriketi na maofisa wake, wakishinda wasamehewe kodi kwa miaka 3, wakishindwa walipe mara 3. Hawajawahi kushika gongo. Kuanzia hapo hii ni filamu ya mpira kuliko ya nyimbo, na mtu wa michezo ukimwambia hivyo ataikalia. Mechi yenyewe inachukua sehemu kubwa ya nusu ya pili.

Tazama wimbo wa mawingu, mapema kwenye filamu. Radi inasikika, wanakijiji wanatoka nje, wanaimba na kucheza wakingoja mvua, wazee na watoto, na furaha inapanda mpaka unaisikia na wewe. Kisha mawingu yanapita. Halidondoki tone. Wimbo unaisha na watu wamesimama wakitazama anga tupu. Hakuna mazungumzo ambayo yangekuonyesha vizuri zaidi kwa nini kijiji kile kilikubali dau la kipumbavu namna ile. Mwenye rimoti wa kibanda chetu angeruka hapo, na dau lisingeeleweka.

Uamuzi wangu: Chicago kwa anayechoka haraka na anayependa mambo ya mahakama na ujanja; Lagaan kwa anayependa mpira na amezoea Kihindi masikioni, mradi uigawe siku mbili. Kata kabla mechi haijaanza. Ukimlaza mtu na swali la nani atashinda, kesho atakukumbusha mwenyewe.

Chicago ina kasoro moja ambayo ni lazima uijue kabla. Kwa kuwa nyimbo zinakatwakatwa kati ya kichwani na gerezani, mtu asiyefuata Kiingereza kwa kasi hupotea, anadhani kweli gereza lina jukwaa. Mwambie mapema: "Palipo na taa za jukwaani ni mawazo yake." Sentensi hiyo moja inatosha.

"Ni tamu mno"

Huyu amezipata filamu za kuimba kupitia katuni na The Sound of Music wakati wa sikukuu, akafikiri zote ziko hivyo. Cabaret tayari ni jibu. Ila jibu lililo karibu na sisi zaidi ni Sarafina!, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 1992, inayohusu wanafunzi wa Soweto wakati wa ubaguzi wa rangi. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ndiye mwalimu, na mama yake Sarafina anachezwa na Miriam Makeba. Wengi wetu tumeiona utotoni kwenye televisheni na hatujawahi kuiita filamu ya kuimba. Tunaiita filamu ya ukombozi.

Na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Wanafunzi wale wanaimba shuleni, wanaimba mazishini, wanaimba mbele ya askari. Sisi tuliokimbia mchakamchaka alfajiri, mmoja akianzisha na darasa zima likiitikia, hatuna haja ya kuelezwa kwa nini kundi la watoto linaanza kuimba kwa pamoja bila mtu kupiga piano. Tuna mazishi yenye nyimbo, harusi zenye nyimbo, mikutano ya siasa yenye nyimbo. Mmarekani anaweza kuuliza wamejifunza saa ngapi maneno yale. Mtu wa kwetu haulizi.

Si tamu hata kidogo. Mwalimu anakamatwa na hafiki mwisho. Kuna askari mweusi anayechomwa moto na wanafunzi, na kuna mateso ya mahabusu. Ukiwa na watoto sebuleni, itazame kwanza peke yako uamue. Filamu haikuachi ukiwa umekandamizwa hadi mwisho, kwa sababu inamalizia kwa tamasha la shule walilokuwa wakilitayarisha muda wote, lakini furaha ile imelipiwa.

Linganisha na Dancer in the Dark ya mwaka 2000, yenye Björk kama mfanyakazi wa kiwandani anayepofuka. Nayo inaingiza nyimbo kama Chicago, kupitia mdundo wa mashine za kiwanda, na ufundi wake ni wa hali ya juu. Ilipata tuzo kuu ya Cannes. Watu wengi huipendekeza kwa wasiopenda filamu tamu. Mimi sipendekezi iwe ya kwanza. Mwisho wake ni mzito kiasi kwamba mtu anaweza kubaki kimya usiku mzima, na kesho ukimtajia wimbo anakumbuka maumivu tu. Uchungu wa Sarafina! unashirikiwa na watu wengi chumbani, mnaweza kuuzungumza. Ule wa Dancer in the Dark kila mtu anaondoka na wake.

Kwa upande wetu huku kuna pia Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda, yenye wachimbaji wa madini ya koltani, ngoma za Kirundi na wadukuzi wa kompyuta, na ndani yake utasikia Kinyarwanda, Kirundi na hata Kiswahili. Sauti na mavazi yake ni ya ajabu. Hadithi lakini ni ngumu kushika, na anayelalamika kwamba haelewi kinachoendelea hatasaidiwa nayo. Iweke akiba kwa anayependa mashairi.

Siku yenyewe

Usimfiche. Siku hizi hata watengenezaji wanaficha; trela ya Wonka ya mwaka 2023 karibu haikuonyesha mtu akiimba, na waliolipa kiingilio wakashtukia wimbo dakika za mwanzo. Mtu aliyedanganywa anatazama kwa hasira. Mwambie kuna nyimbo, mwambie nani anaimba na kwa nini, basi.

Sauti ni jambo jingine linaloharibu mengi. Spika za televisheni bapa ziko nyuma au chini, mazungumzo yanakuwa chini na wimbo unalipuka, na kila wimbo ukianza mtu anatafuta rimoti. Kwa asiyependa nyimbo, hilo linakuwa ushahidi dhidi yako. Tafuta spika hata ndogo uiweke mbele, au ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni uchague ile ya kupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Pima kwa onyesho moja la maneno na moja la wimbo kabla wageni hawajafika.

Shemeji nilimrudia baada ya miezi kama miwili. Swali lake la foleni lilinielekeza kwenye lalamiko la kwanza, na kazi yake ikanielekeza kwenye filamu. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni ya fundi. Kuna nyimbo, ila ni mtu na gitaa lake." Akakaa. Alicheka teja alipokimbia na kapu. Kwenye duka la vyombo vya muziki alinyamaza, nikadhani amesinzia, kumbe la. Muda wote alikuwa akifuatilia ile mashine mbovu ya vumbi ambayo mwanamke anaiburuta barabarani kama mbwa aliyefungwa kamba, akitaka kujua itatengenezwa lini.

Kilichomshika hasa kilikuja mwishoni. Wahusika wanakodi studio kurekodi, na fundi mitambo wa pale anawapokea kwa uvivu, anajua ni walewale wa mtaani wasiojua kitu. Wimbo wa kwanza unaanza, na taratibu anainua kichwa, anasogeza kiti, anaanza kushughulikia vitufe kwa heshima. Alfajiri wakimaliza, anawaambia waingie garini waisikilize kazi yao kwenye spika mbovu za gari, maana ikisikika vizuri pale itasikika vizuri popote. Shemeji akapiga paja. "Huyu anajua kazi," akasema. "Friji nayo huipimi dukani kwako, unaipima kwa mwenyewe, umeme ukiwa mdogo."

Nimejaribu Chicago naye baadaye, hakuipenda. Alisema mawazo ya yule mama yamezidi. Sarafina! aliitazama yote akiwa na dada, akaimba na kuitikia pale alipokumbuka maneno. Bado ukimwuliza atakwambia filamu za kuimba haziwezi. Wiki iliyopita alipita asubuhi akiwa na haraka, gari limewaka nje, akanipa flashi akaniomba nimwekee nyimbo za yule fundi wa Dublin.